Namna ya kuandika upya kanuni ya udanganyifu wa mtihani ili mwanafunzi aielewe kabla hajakamatwa

Kanuni za udanganyifu katika vyuo vikuu vyetu, mara nyingi, husomwa kwa makini kwa mara ya kwanza na mwanafunzi aliyekwisha kukamatwa. Anaifungua akiwa na barua ya wito mkononi, anatafuta majibu mawili tu: alichofanya kinahesabika kuwa kosa, na je, atapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, au atadisko, yaani ataachishwa masomo? Anasoma kifungu kizima na hayaoni.

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa kazi ya kukiandika upya: ofisa wa taaluma, mhadhiri aliyeteuliwa kwenye kamati, mwanasheria wa chuo, au kiongozi wa serikali ya wanafunzi aliyeitwa kutoa maoni. Nitashika kosa moja tu, la kuingia kwenye mtihani na vitu visivyoruhusiwa, kwa sababu ndilo ambalo hata mwanafunzi asiye na nia mbaya anaweza kulitenda akiwa amesahau simu kwenye koti. Wizi wa maandishi na kufanyiwa mtihani na mtu mwingine vinataka kazi yao pekee.

Kifungu tutakachokifanyia kazi nimekitunga mwenyewe kwa mtindo uliozoeleka, ili pasiwe na chuo kinachonyooshewa kidole:

> 14(3) Mtahiniwa yeyote atakayebainika kuwa na, kutumia au kujaribu kutumia nyenzo zisizoruhusiwa ndani ya chumba cha mtihani au karibu nacho, ikiwemo simu za mkononi, karatasi zenye maandishi na vifaa vingine vya kielektroniki, atahesabiwa kuwa ametenda udanganyifu na atachukuliwa hatua za kinidhamu, ikiwa ni pamoja na kufutiwa matokeo na/au kuachishwa masomo, kadiri Seneti itakavyoona inafaa.

Hatua ya 1: Kusanya kila mahali kanuni hiyo ilipoandikwa

Usianze na kalamu. Kanuni ya mtihani haikai kwenye kitabu cha kanuni peke yake. Iko nyuma ya kijitabu cha majibu, iko kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni, iko kwenye maelekezo ya wasimamizi wa mtihani, na iko kwenye kitabu anachopewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza siku za kujisajili. Ziweke zote mezani pamoja. Utakuta tangazo la mlangoni linasema simu “izimwe”, kijitabu kinasema simu “hairuhusiwi”, na maelekezo ya wasimamizi yanasema simu zikusanywe mbele ya chumba. Mwanafunzi aliyeizima na kuitia mfukoni ametii karatasi moja na kuvunja mbili.

Andika pembeni kila mgongano unaouona. Usiutatue bado.

Hatua ya 2: Pasua sentensi

Kifungu kirefu kinaficha mambo kwa sababu kimeyafunga yote kwenye fundo moja. Chukua karatasi, andika maswali sita, kisha jibu kila swali kwa maneno yaliyomo kwenye kifungu pekee: nani, akifanya nini, wapi na wakati gani, je nia yake ina uzito, nani anaamua, na nini kinafuata.

Fanya hivyo kwa 14(3) uone. “Nani” ni mtahiniwa, hapo hapana shida. “Akifanya nini” ni mambo matatu tofauti, kuwa na, kutumia na kujaribu kutumia, na yote yamepewa uzito mmoja. “Wapi” ni ndani ya chumba au “karibu nacho”, nawe huwezi kusema kama ukumbi wa nje umo, au choo, au benchi la chini ya mwembe ambako watu wanapitia madesa dakika ya mwisho. Nia haikutajwa, ila neno “kuwa na” linaonyesha kwamba haihesabiki. “Nani anaamua” ni Seneti, ingawa “atakayebainika” haisemi amebainishwa na nani. Na “nini kinafuata” ni kitu chochote kuanzia karipio hadi kufukuzwa, kwa kuwa “ikiwa ni pamoja na” haikufunga orodha na “kadiri itakavyoona inafaa” haikuweka kipimo.

Angalia pia “kufutiwa matokeo”. Matokeo ya nini? Ya mtihani huo, ya muhula mzima, au ya mwaka? Mstari kati ya sapu na kudisko unapita hapohapo.

Hatua ya 3: Rudisha maswali kwa wenye mamlaka

Hapa ndipo waandishi wengi hukosea njia. Wakikuta pengo, wanaliziba wenyewe kwa maneno mazuri, na chuo kinajikuta kina sera mpya ambayo hakuna kikao kilichoipitisha. Kazi yako ni kuandika, si kutunga adhabu. Palipo na pengo, andika swali fupi lenye majibu ya kuchagua na ulipeleke kwenye kamati ya Seneti inayohusika na mitihani.

Kwa kifungu chetu maswali yenye uzito ni machache. Simu iliyozimwa na kukutwa mfukoni, ni kosa au si kosa? Kama ni kosa, je lina uzito sawa na karatasi ya majibu iliyofichwa kwenye soksi? Nani anaruhusiwa kuifungua simu na kutazama kilichomo? Mwanafunzi akikataa kuifungua, kinafuata nini? Kamati ikijibu “inategemea”, uliza inategemea nini, kisha uandike hicho inachotegemea. Wajumbe watasema wanataka kubaki na uhuru wa kuamua. Wanaweza kubaki nao, mradi wataje watachagua kati ya nini na nini, na watapima kwa kitu gani.

Hatua ya 4: Eleza kosa kwa kile kinachoonekana

Msimamizi wa mtihani haoni nia. Anaona simu, anaona karatasi, anaona maandishi kwenye kiganja. Kwa hiyo kosa lielezwe kwa vitu ambavyo watu wawili waliosimama pamoja wangekubaliana kwamba wameviona: kifaa kilikuwa kimezimwa au kimewashwa, maandishi yanahusu somo linalotahiniwa au hayahusu, mwanafunzi alikitoa mwenyewe au alikutwa nacho. Ukiandika “kwa nia ya kudanganya” umempa mwanafunzi mlango wa kusema alisahau, na umeipa kamati kazi ya kusoma moyo. Kanuni nyingi za Afrika Mashariki zimelikwepa hilo kwa kuhesabu kuwa nacho tu kuwa ni kosa. Sioni ubaya, ila anayechagua njia hiyo ana deni la kusema waziwazi kwamba kusahau si utetezi, na la kutotoza bei moja kwa aliyesahau na aliyepanga.

Halafu andika upande wa pili, yaani kisichokuwa kosa. Wanasheria huusita sana upande huu, lakini kwa mwanafunzi mistari miwili ya “si kosa” inaeleza mpaka kuliko ukurasa mzima wa makatazo.

Kuwa mwangalifu na “ikiwemo”. Orodha inayoanza na “ikiwemo” haina mwisho, kwa hiyo haimwambii msomaji ameishia wapi. Kama chuo kinataka kubana vifaa vya kesho ambavyo leo havijatengenezwa, taja sifa inayovifanya viwe tatizo: kifaa kinachoweza kuhifadhi au kupokea maandishi, picha au sauti. Sifa hiyo inanasa saa janja bila kutaja kila aina ya saa sokoni.

Hatua ya 5: Mpe mwanafunzi nafsi yake

Kiswahili kina mtego ambao kanuni zetu hutumbukia kila mara. Soma hii: “Msimamizi akimkuta mtahiniwa na simu, atajaza fomu na kuisaini, kisha ataendelea na mtihani.” Nani anasaini? Kiambishi kinaweza kumrejelea msimamizi au mtahiniwa, na ukirefusha sentensi kwa kumwongeza mkuu wa idara, unao watu watatu wanaogombania herufi moja.

Dawa ni kumwita mwanafunzi “wewe” na kumtaja kila ofisa kwa cheo. “Msimamizi akikukuta na simu, atajaza fomu. Utaisaini, kisha utaendelea na mtihani.” Mkanganyiko umekwisha. Mwanasheria akisema “wewe” si lugha ya kanuni, weka kifungu cha tafsiri mwanzoni: katika Kanuni hizi “wewe” maana yake ni mwanafunzi aliyesajiliwa ambaye anafanya mtihani wa Chuo.

Vitenzi vya kutendwa navyo vikaguliwe kimoja kimoja. “Atachukuliwa hatua”, na nani? “Ataarifiwa”, na ofisi gani, ndani ya siku ngapi, za kazi au za kalenda? Panapokuwa na matokeo yasiyobadilika, andika “utafutiwa”. “Unaweza kufutiwa” iandikwe tu pale ambapo kweli kuna mtu wa kuchagua, na mtu huyo atajwe.

Hatua ya 6: Andika rasimu kwa mpangilio wa mambo yanavyotokea

Kanuni ya zamani inaishia kwenye mamlaka ya Seneti. Mwanafunzi anaanzia mlangoni. Mfuate. Hii ni rasimu moja inayowezekana. Adhabu na siku nilizoweka ni za mfano, chuo chako kitaweka zake.

> 14. Vitu usivyoruhusiwa kuwa navyo kwenye mtihani
>
> 14.1 Tangu unapoingia kwenye chumba cha mtihani hadi unapokabidhi kijitabu cha majibu na kutoka, pamoja na muda unaokwenda chooni kwa ruhusa, ni kosa kuwa na kitu chochote kati ya hivi mwilini, mezani au kwenye kiti chako:
> (a) simu, saa janja, vipokea sauti vya masikioni au kifaa kingine kinachoweza kuhifadhi au kupokea maandishi, picha au sauti, hata kama kimezimwa;
> (b) maandishi yanayohusu somo linalotahiniwa, yawe kwenye karatasi, mwilini, kwenye nguo au kwenye kifaa cha kuandikia;
> (c) kikokotoo ambacho hakikuruhusiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya maswali.
> Kusema ulisahau hakufanyi lisiwe kosa.
>
> 14.2 Si kosa:
> (a) kifaa kilichozimwa kikiwa ndani ya begi ulilolaza sehemu ya mizigo;
> (b) kitu ulichomkabidhi msimamizi wewe mwenyewe kabla hajatangaza mtihani umeanza.
>
> 14.3 Ukithibitika kutenda kosa:
> Daraja la 1: kifaa kilikuwa kimezimwa, au ni kikokotoo. Utapewa onyo la maandishi litakalobaki kwenye jalada lako hadi utakapohitimu.
> Daraja la 2: kifaa kilikuwa kimewashwa. Utafutiwa mtihani wa somo hilo peke yake. Utaurudia wakati wa mitihani ya marudio, na alama yako haitazidi C.
> Daraja la 3: ulikuwa na maandishi yaliyotajwa 14.1(b), au maandishi ya somo hilo yalifunguliwa, yalitumwa au yalipokelewa kwenye kifaa chako wakati wa mtihani. Utafutiwa mitihani yote ya muhula huo na utasimamishwa masomo kwa mwaka mmoja wa masomo.
> Ukirudia kosa la daraja la 2 au la 3, utaachishwa masomo.
>
> 14.4 Msimamizi akikukuta na kitu hicho, atakichukua, atakifunga kwenye bahasha mbele yako na atajaza fomu ya tukio. Utaisaini kuonyesha umeiona, si kwamba umekiri. Utapewa kijitabu kipya na utaendelea na mtihani. Msimamizi hataifungua simu yako.
>
> 14.5 Ndani ya siku 5 za kazi, Mkuu wa Idara atakuandikia kukueleza kosa na daraja unalotuhumiwa. Kamati ya Makosa ya Mitihani itakusikiliza si chini ya siku 7 baada ya barua hiyo. Unaweza kuja na mwenzako mmoja. Kamati itaikagua simu mbele yako. Ukikataa kuifungua, itaamua kwa ushahidi mwingine ilionao.
>
> 14.6 Kamati itakupa uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Unaweza kukata rufaa kwa Seneti ndani ya siku 14 tangu unapoupokea.

Vifungu vya 14.5 na 14.6 visikatwe kwa kisingizio cha kufupisha. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa pale chombo kinapoamua juu ya haki zake. Kenya inayo Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria ya 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala, ambayo inadai pia sababu za maandishi. Uamuzi wa chuo ulioruka hatua hizo una udhaifu mbele ya mahakama hata kama simu ilikutwa mkononi.

Hatua ya 7: Ipitishe rasimu kwenye kisa kimoja hadi mwisho

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtihani wa takwimu. Dakika arobaini baada ya kuanza, simu inatetemeka kwenye koti lake. Anasema alikuja mbio kutoka kwenye daladala, akasahau.

Kwa kanuni ya zamani ana hatia ya “kuwa na”, na kuanzia hapo yuko mikononi mwa bahati. Kikao kimoja kingemfutia somo, kingine kingemwachisha masomo, na vyote viwili vingekuwa sahihi.

Kwa rasimu mpya, 14.1(a) inasema ni kosa na kusahau hakumwokoi. Simu ilikuwa imewashwa, kwa hiyo ni daraja la 2: sapu ya takwimu, mwisho C. Anaweza kulijua hilo mwenyewe jioni ileile akiwa bwenini.

Lakini endelea na kisa, usiishie pale panapopendeza. Kamati inafungua simu mbele yake. Iliyotetemeka ilikuwa ni WhatsApp: mtu kwenye kundi la darasa alituma picha za notsi za takwimu saa hiyohiyo, akiwalenga wenzao wa mkondo wa mchana. Mwanafunzi wetu hakuufungua ujumbe. Hata hivyo rasimu inasema “yalipokelewa”, na kwa neno hilo amepanda daraja la 3, mwaka mzima nje ya chuo, kwa kitendo cha mtu mwingine. Neno hilo litoke. Daraja la 3 libaki na “yalifunguliwa au yalitumwa”.

Jaribu pia kuligeuza. Kama ungeandika “kifaa chenye maandishi ya somo”, ungewanasa wote, maana hakuna simu ya mwanafunzi isiyokuwa na notsi za kila somo. Ndiyo sababu 14.1(b) haikutaja simu. Visa vya namna hii vitafute kwa makusudi: kikokotoo cha kuazima, mama mwenye mtoto mgonjwa anayesubiri simu, risiti ya duka iliyosahaulika mfukoni. Risiti haihusu somo, haimo kwenye 14.1(b), na msimamizi anapaswa kuirudisha bila kujaza fomu.

Hatua ya 8: Wape wanafunzi, usiwaulize kama imeeleweka

Ukimuuliza mtu “umeelewa?” atakujibu ndiyo, hasa akiwa mbele ya mhadhiri. Badala yake, wape rasimu pamoja na visa vitano au sita vifupi, na kwa kila kisa waandike mambo matatu: ni kosa au si kosa, kinafuata nini, na wameliona kwenye kifungu kipi. Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa. Aliyejibu sawa lakini akaonyesha kifungu kisichohusika amebahatisha kwa mazoea, na kanuni haikumsaidia.

Wachague wa mwaka wa kwanza, na wale wasioingia kwenye siasa za chuo. Viongozi wa wanafunzi wanazijua kanuni tayari. Wape pia wasimamizi wawili watatu, kila mmoja peke yake. Wasimamizi wakitofautiana juu ya kisa kimoja, wanafunzi watatendewa tofauti kulingana na chumba walichoketi. Panapokosewa na zaidi ya mmoja, rekebisha maneno ya kifungu hicho, kisha uwape watu wengine ambao hawajakiona.

Wanafunzi watauliza jambo ambalo halimo kwenye rasimu: mkopo na chumba cha bweni vitakuwaje nikisimamishwa mwaka? Seneti haiamui mambo ya Bodi ya Mikopo, kwa hiyo usiyaingize kwenye kanuni. Yaweke kwenye karatasi ya maelezo inayoambatana nayo, ukitaja ofisi ya kuuliza.

Hatua ya 9: Siku ya kuanza

Kanuni mpya ianze muhula mpya, kamwe isianze katikati ya mitihani. Andika kifungu cha mpito: kosa lililotendwa kabla ya tarehe ya kuanza litaamuliwa kwa kanuni ya zamani, isipokuwa adhabu ya kanuni mpya ikiwa nyepesi zaidi. Bila hicho, mashauri yanayosubiri yatageuka ubishi wa tarehe.

Vyuo vyetu vingi vina kanuni rasmi kwa Kiingereza. Kama hali ni hiyo kwako, pasua na panga upya maandishi ya Kiingereza kwa hatua hizihizi, namba za vifungu zilingane katika lugha zote mbili, na mstari mmoja useme ni maandishi yapi yatakayofuatwa yakitofautiana. Toleo jepesi la Kiswahili lililobandikwa juu ya kanuni ngumu isiyoguswa litamdanganya mwanafunzi siku atakapolihitaji.

Mwisho nenda stoo. Vijitabu vya majibu huchapishwa kwa wingi na hukaa miaka, vikiwa na kanuni ya zamani nyuma. Ama vibandikwe karatasi yenye 14.1 hadi 14.3, ama visitumike tena. Tangazo la “zima simu” litolewe mlangoni siku hiyohiyo.